Jibu 1 Kama Umeelewa

Ile meseji niliiandika mimi. Nasema mapema nisije nikaonekana natafuta mtu wa kumtupia lawama. "Majibu ya kipimo chako yako tayari. Fika kliniki ya wanawake ndani ya siku saba. Jibu 1 kama umeelewa, jibu 2 kama hujaelewa." Maneno ishirini na mawili ukihesabu na namba, na kila moja nililipigania mezani kwa bosi kama mtu anayegombea shamba la urithi.

Mimi ni afisa mawasiliano wa idara ya afya. Kazi yangu ni kuhakikisha watu wanaambiwa. Wanawake wanakuja kupimwa mlango wa kizazi, sampuli zinapelekwa maabara kuu, na majibu yanarudi baada ya wiki tatu. Aliye salama anaandikiwa hivyohivyo kwenye simu, "Kipimo chako ni salama," basi, yameisha. Anayetakiwa kuonwa tena ndiye anayepata ile meseji yangu. Na siku saba hazikuwekwa kwa urembo. Mabadiliko yakiwahiwa yanatibiwa asubuhi moja na mtu anarudi nyumbani kwa miguu yake. Yakiachwa yanaweza kugeuka saratani, na hapo hakuna tena cha asubuhi moja.

Sasa sikiliza hesabu iliyonitoa jasho. Tuliwaita wanawake mia mbili. Simu mia na tisini na nne zilipokea ujumbe, mtambo ulithibitisha. Mia na sitini na tatu walijibu 1, yaani wameelewa. Waliofika kliniki? Sitini na mmoja. Sitini na mmoja, jamani! Zaidi ya mia moja wameniambia kwa kidole chao wenyewe kwamba wameelewa, kisha wakakaa nyumbani.

Nilikuwa nasoma shahada ya uzamili jioni, na jambo hilo ndilo nililolifanya tasnifu. Niliamini nina jibu mkononi. Darasani tulikuwa tumefundishwa ule mchoro wa zamani wa mawasiliano ambao kila mwanafunzi wa fani yetu anauchora hata akiwa usingizini. Kushoto yupo mwenye jambo lake. Jambo linageuzwa kuwa alama za kutumwa, linapita kwenye njia, upande wa pili linageuzwa tena, linamfikia anayelengwa. Katikati ya njia inaingia kelele, yaani chochote kinachoharibu ujumbe kabla haujafika. Baadaye wataalamu wakaongeza mshale wa kurudi, mrejesho, ili mtumaji ajue kama amepokelewa. Mchoro safi kabisa. Mimi napenda vitu visafi.

Basi nikaanza kuwinda kelele. Mtandao unasumbua mchana? Tukatuma asubuhi. Maneno ya kitaalamu yanawachanganya? Nikayafuta yote hadi daktari mkuu akalalamika kwamba naandikia watoto. Mtu anaweza kupitiwa na ujumbe? Tukautuma mara tatu, kwa sababu kurudia ndiyo dawa ya kelele inayojulikana: ukipotea wa kwanza, wa pili utafika. Na mrejesho nilikuwa nao, ile 1 na ile 2. Nikaandika ripoti kwamba mawasiliano yamefaulu kwa asilimia themanini na kitu. Bosi akaipigia makofi. Wanawake hawakuja.

Profesa anayenisimamia ni mzee mfupi anayevaa miwani mbili kwa zamu, moja ya kusomea na moja ya kutazamia watu. Wanafunzi tunamwita Mishale, kwa kuwa hawezi kuongea bila kuchora mshale ubaoni na kuufuta. Alinirudishia sura ya tatu ikiwa nyekundu mwanzo hadi mwisho. Pembeni mwa mchoro wangu aliandika maneno matatu tu: "Huyu mtu nani?" Alikuwa amemzungushia duara mpokeaji.

"Mpokeaji," nikamwambia nilipoingia ofisini kwake. "Mwanamke aliyepimwa."

"Anafanya nini kwenye mchoro wako?"

"Anapokea."

"Halafu?"

"Anajibu 1."

Akavua miwani ya kusomea, akavaa ya kutazamia watu. "Binti, huo mchoro waliuunda wahandisi wa simu. Walitaka kujua ni kiasi gani cha alama kinaweza kupita kwenye waya bila kuharibika. Walisema wazi kwamba maana ya ujumbe si shughuli yao. Ni mchoro mzuri sana kwa waya. Wewe umeuchukua ukamvalisha binadamu."

"Lakini nimeweka mrejesho, Profesa."

"Umeweka mshale wa pili. Ulikuwa na mstari unaoenda, sasa una mstari unaoenda na mwingine unaorudi. Bado ni mistari. Kwenye mistari yako mmoja anasema mwingine amenyamaza, kisha wanabadilishana kama wacheza mpira wa meza. Hivi sasa mimi naongea. Wewe umekaa kimya?"

"Ndiyo."

"Wapi! Umekunja uso tangu uingie, na mimi nimeshapunguza ukali mara mbili kwa sababu ya huo uso. Tunatuma na kupokea kwa wakati mmoja, wote wawili. Ndilo walilolalamikia waliokuja baadaye. Walisema mchoro ule umenyooka mno. Unamfanya mpokeaji kuwa ndoo ya kumiminiwa. Haujui watu hao walijuana vipi kabla ya ujumbe, wameishi nini, wamekaa mtaa gani. Unadhani maana ni kifurushi, kikifika salama basi kimefika. Kumbe maana mtu anaitengeneza mwenyewe, huko aliko, kwa alivyonavyo."

Nikamuuliza swali la hasira, kwa sababu nikichanganyikiwa huwa nachemka. "Kwa hiyo nifute tasnifu nzima?"

"Usifute. Chukua namba kumi za waliojibu 1 na hawakuja. Wapigie. Usiwaulize kama walielewa. Waulize walipoisoma ile meseji walifanya nini." Akarudi kwenye karatasi zake.

Nilitoka pale nikijiuliza. Kama kelele zimeondolewa na ujumbe umefika, na aliyeupata anasema ameupata, kilichobaki ni nini? Nilikuwa sioni mbele wala nyuma.

Kesho yake, saa nne asubuhi, nikafunga mlango wa ofisi, nikaweka orodha mezani. Ni namba tupu, bila majina, kwa ajili ya siri za wagonjwa. Majibu yenyewe yako kwenye kompyuta ya kliniki na mimi sina ruhusa ya kuyafungua, na ndivyo inavyotakiwa.

Wa kwanza alikuwa mama mwenye sauti ya haraka. "Nilijibu moja ili mnyamaze. Zilikuja mara tatu! Ya kwanza nilisema nitakwenda. Ya pili nikaanza kuogopa. Ya tatu nikajua yangu yameshaharibika, maana ofisi gani ya serikali inakufuata mara tatu kwa heri?"

Nikaandika. Dawa yangu ya kelele ilikuwa imegeuka king'ora.

Namba ya pili akapokea mwanamume. "Ile? Nilijibu mimi. Simu ni ya nyumba. Nikajibu moja kwa sababu niliielewa, Kiswahili rahisi tu kile." Nikamuuliza kama alimwambia mkewe. Akasema mkewe ni mtu wa wasiwasi, alikuwa anangoja siku nzuri. Miezi miwili anangoja siku nzuri! Nilitaka kumtukana. Nikamshukuru, nikamwomba amwambie leo hii.

Wa tatu alicheka. "Sasa dada, mbili ilikuwa ya wasioelewa. Mimi ni mwalimu. Nijibu mbili mimi?"

Wa nne ndiye aliyenimaliza. Alisema mtaani kwao wanawake walikaa wakalinganisha simu. Walioandikiwa kuwa wako salama waliandikiwa palepale. Walioitwa, waliitwa. "Jirani yangu aliitwa, akaenda, haikupita miezi mitano tukamzika. Alikuwa ameumwa kitambo, sijui. Ila sisi tukajua ile ni meseji ya nini. Mimi nina watoto watatu, dada. Niache nilee."

Hakuna aliyewafundisha kuisoma vile. Wameisoma wenyewe, pamoja, na walichosoma hakikuwa upuuzi: kweli anayeitwa ana jambo. Ila kwangu "njoo" ilikuwa na maana ya "bado mapema." Kwao ilikuwa hukumu. Na kadiri nilivyoiandika kwa uwazi zaidi, ndivyo hukumu ilivyosomeka vizuri zaidi. Nikajiona mjinga wa kupigiwa mfano.

Wa tano hakupokea. Nikabofya namba ya sita kwenye simu yangu, tarakimu moja moja, macho yakiwa kwenye karatasi. Nilipoinua kichwa kutazama kioo, namba haikuwepo. Kulikuwa na jina. Shangazi.

Nikakata kabla haijaita.

Nilidhani nimekosea tarakimu. Nikaipiga tena kwa kidole kimoja, taratibu, nikakata tena. Shangazi. Huyu ni dada yake baba, aliyenilea tangu nikiwa na miaka sita. Ninaishi naye. Chumba chake na changu vinatenganishwa na ukuta mmoja, na cherehani yake ya sebuleni huniamsha kila asubuhi. Kwenye safu ya pembeni iliandikwa: imepokelewa, mara tatu. Jibu: 1. Jibu: 1. Jibu: 1. Kufika: hapana. Siku tangu meseji ya kwanza: themanini na nane.

Alipimwa lini? Mbona hakusema? Mbona mimi sikuuliza? Tulikuwa tumekunywa chai pamoja asubuhi ileile. Nilikuwa nimemsimulia tasnifu yangu, tena kwa mbwembwe, wanawake hawa wasiojali afya zao, sijui wana matatizo gani. Yeye alikuwa anapaka siagi mkate wangu.

Nilimwaga machozi nikiwa nimefunga mlango, kisha nikaosha uso, kisha nikafanya jambo la kipuuzi. Nikachukua karatasi na kuanza kuandika nitakachomwambia. Nikaandika utangulizi. Nikaandika faida za kuwahi kliniki, moja hadi nne. Nikaondoa maneno magumu. Nilipofika aya ya tatu ndipo nikatambua ninachofanya. Nikaichana.

Nilifika nyumbani jua bado liko juu. Alikuwa sebuleni anashona kola za sare za shule, vitambaa vya buluu vimemzunguka hadi magotini. Alipunguza mwendo wa cherehani bila kuinua macho.

"Redio imerudi mapema leo," akasema. Hivyo ndivyo anavyoniita tangu utotoni, kwa sababu naongea kuanzia ninapoamka. "Wamekufukuza?"

"Hapana, shangazi."

"Mbona haipigi kelele basi? Betri zimeisha?"

Nikakaa chini kwenye vitambaa vyake, jambo analolichukia, na hakunikemea. Hapo nikajua kwamba ameshajua. Alikuwa anautazama uso wangu kama mtu anayesoma barua aliyoingoja. Sikuwa nimesema neno.

"Kliniki wamekupigia?" akauliza.

"Nimeona namba yako. Leo. Asubuhi hii, shangazi, naapa. Kabla ya leo sikuwa najua kitu."

Cherehani ikasimama.

"Usinidanganye," akasema polepole. "Hiyo meseji unaiandika wewe. Ulinisomea hapahapa, ukaniuliza kama 'fika' ni bora au 'njoo.' Ilipokuja kwenye simu yangu nikaijua ni ya kwako kama ninavyojua mshono wangu."

"Niliiandika mara moja tu. Mtambo ndio unaotuma. Unachukua namba wenyewe, hauniambii ni nani. Mimi naona hesabu tu."

"Hesabu."

"Ndiyo. Wangapi wamepokea, wangapi wamejibu."

Akacheka, kicheko kikavu kisichokuwa na furaha hata chembe. "Basi mimi nilikuwa mjinga wa mwisho. Nilipoipata ya kwanza nikasema, ehe, mtoto ameona majibu yangu. Nikangoja utoke chumbani uje uniambie. Ukatoka, ukaulizia sabuni. Nikasema, labda anatafuta maneno. Ikaja ya pili. Ukakaa hapo ukala, ukaongea habari za bosi wako saa nzima. Nikasema, maskini, hawezi. Mtu mwenye mdomo kama huyu akishindwa kuniambia jambo uso kwa uso, akaniandikia kwenye simu na ukuta ndio unaotutenga, basi jambo lenyewe limeshapita dawa. Ningeenda kliniki kufanya nini? Kuthibitishiwa?"

"Na ile moja? Ulijibu moja mara tatu."

"Nilikuwa nakujibu wewe. Nilikuwa nakwambia nimesikia mwanangu, usijitese, sitakulazimisha uniambie."

Jamani. Miezi mitatu. Kwenye jedwali langu ile 1 ilikuwa imeingia kwenye asilimia ya mafanikio. Nilikuwa nimeipaka rangi ya kijani. Na mimi, ambaye niliamini natuma ujumbe mmoja, kumbe nilikuwa natuma kutwa kucha: nilipoulizia sabuni nilituma, nilipoongea habari za bosi nilituma, nilipokwenda kulala mapema nilituma. Yeye naye alinijibu kwa njia zote. Alinifundisha ghafla kubadilisha sindano ya cherehani. Alinionyesha hati ya nyumba inakokaa. Nilidhani ni uzee unamnyemelea. Hakuna mtambo uliokuwa unahesabu hayo, na mimi mwenyewe nilikuwa nimekaa mbele yake nikiongea.

Nilitaka kumpa matumaini. Ulimi ulikuwa umeshajipanga: usijali, ni jambo dogo, karibu wote wanaoitwa wanatibika. Kazi yangu ni hiyo, kusema vizuri. Lakini nilimtazama machoni, nikaona anangoja kwa namna ambayo hata pumzi ameishika, na nikajua kwamba neno lolote zuri nitakalosema litasomwa kama yale mengine yote. Ningesema ni dogo, angesikia kubwa.

"Unajua nina nini?" akauliza. "Niambie kweli."

"Sijui, shangazi."

Hakuondoa macho.

"Sijui hata kidogo," nikasema. "Sina ruhusa ya kuyaona majibu. Inaweza kuwa kidogo, inaweza kuwa kubwa, inaweza kuwa sampuli haikutosha wanataka nyingine. Mimi sijui. Naogopa kama wewe. Nimechanganyikiwa tangu asubuhi, na nimesoma haya mambo miaka miwili."

Aliushika mkono wangu juu ya kitambaa, akautazama kama anaupima.

"Kwa hiyo kweli hujui," akasema.

"Kweli."

"Kumbe bado hakuna anayejua."

Akanyanyuka, akajipangusa nyuzi kwenye gauni. "Wanafungua saa ngapi?"

"Saa moja na nusu."

"Unipeleke. Lakini ukianza kunihutubia njiani nageuza."

Asubuhi tulikuwa wa tatu kwenye benchi. Kliniki ilinukia dawa ya kusafishia sakafu. Njiani sikuhutubia. Nilimuuliza kama alilala, akasema hapana, akaniuliza mimi, nikasema hapana. Muuguzi akamwita kwa namba, akaingia, na mlango ukafungwa. Nilikaa dakika ishirini na tano nikisoma bango langu mwenyewe ukutani, lenye herufi kubwa, rangi za kupendeza, na picha ya mama anayetabasamu. Nilitamani kulibandua.

Alipotoka, muuguzi alitoka naye, faili mkononi. Uso wa shangazi sikuweza kuusoma, nami nilijaribu.

"Kuna mabadiliko," muuguzi akaniambia, baada ya shangazi kumpa ruhusa kwa kichwa. "Ameangaliwa sasa hivi. Yanatibika, tutayaunguza Jumatatu hapahapa, kisha atarudi tumtazame tena. Angekuja mwakani, tungekuwa tunaongea mengine." Akageukia fomu yake, kalamu tayari, kwa sababu fomu ile nayo niliiandaa mimi na ina visanduku vyake. "Mama, nijaze hapa sababu ya kuchelewa. Ujumbe ulikufikia?"

"Ulinifikia."

"Wote?"

"Wote watatu."

"Kwa hiyo hukuuelewa?"

Shangazi alinitazama. Kwa mara ya kwanza tangu jana nilimwona macho yamemjaa.

"Niliuelewa sana, mwanangu," akamwambia muuguzi. "Ndiyo maana sikuja."

Muuguzi akashusha macho kwenye fomu, akatafuta kisanduku cha kuweka tiki. Alipekua mbele na nyuma. Hakikuwepo.